Nenko Ndiye Moyo

"Wa nne tena, Lyuben?"

"Rali, usianze bwana."

"Nakuuliza. Wa nne tena?"

Karatasi ya majina ilikuwa mezani, katikati ya vikombe vya boza, kinywaji kizito cha nafaka, na mabaki ya banitsa, mkate wa jibini. Wasemaji watatu, na chini kabisa, kwa wino uleule: Ralitsa, akiba. Timu ya mdahalo inaweza kuwa na watu watano, lakini wanaosimama kusema ni watatu tu. Kwa miaka miwili na nusu Ralitsa alikuwa amekaa kwenye kiti cha akiba. Ndiye aliyesoma, aliyechimba mifano, aliyeandika kadi ambazo Lyuben alisimama nazo na kupigiwa makofi mji mzima wa Tarnovo. Tena Lyuben alikuwa mpenzi wake, na kapteni.

"Wewe ndiye moyo wa timu," Lyuben alisema, akimshika mkono. "Moyo hauhitaji kusimama jukwaani. Bila wewe sisi si kitu, kila mtu anajua."

"Nani anajua?"

"Mimi najua."

Ralitsa aliutoa mkono wake taratibu. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Basi endelea kujua," alisema, akatoka.

Jioni ile Lyuben alipiga simu mara sita. Ya saba ikapokelewa.

"Rali, umenuna kwa sababu ya karatasi?"

"Sijanuna. Nimehamia kwa kina Tihomir. Wana nafasi ya msemaji wa pili."

"Kina Tihomir? Wale wa kitivo cha sheria? Wapinzani wetu?"

"Haohao."

"Na sisi je? Mimi na wewe?"



"Sijui, Lyuben. Kwanza nataka nisikie sauti yangu ikoje."

*

Miezi miwili baadaye, Jumamosi ya Novemba, timu hizo mbili zilikutana fainali. Ukumbi wa zamani wa usomaji ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mada ilikuwa ya papo kwa papo: bahasha inafunguliwa, sarafu inarushwa kuamua upande, halafu kila timu inafungiwa chumbani kwa saa moja, bila simu wala mwalimu.

Mkuu wa majaji akafungua bahasha.

"Bunge hili linaamini kuwa Nenko, si Radan, ndiye moyo wa Utenzi wa Kengele."

Ukumbi ukavuma. Hakuna mtoto wa mji ule ambaye hakukaririshwa utenzi huo shuleni. Nyimbo kumi na mbili: Radan shujaa anakwenda kuirudisha kengele ya mji iliyotekwa, na Nenko, mtunza farasi, anamfuata. Kila mvulana hucheza kuwa Radan. Nenko hupewa yule aliyechelewa kufika.

Sarafu ikaanguka. Timu ya Tihomir ilipata kuunga mkono. Ya Lyuben, kupinga.

Kule chumbani Tihomir, kijana mpole mwenye kusema upesi, alikuwa anatembea huku na huku.

"Tuanze na maana ya moyo. Tusipoibana, watasema moyo ni mhusika mkuu, na tumekwisha."

"Moyo ni kile kinachobeba jambo ambalo hadithi imekuja kulisema," alisema Ralitsa. Tayari alikuwa anaandika. "Na utenzi huu unauliza swali moja: nani hutimiza ahadi wakati hakuna anayemtazama?"

"Nipe na kipimo. Majaji wanapenda kipimo."

"Mtoe Nenko, uone kinachobaki."

Tihomir akatikisa kichwa kushoto na kulia kwa furaha, maana kwao hiyo ndiyo ishara ya kukubali.

"Safi, hilo nitalisema mimi. Wewe nibebee yaliyobaki."

*

Kila msemaji alikuwa na dakika nane. Dakika ya kwanza na ya mwisho hakuna ruhusa ya kumkatiza. Hapo katikati, baada ya mtunza saa kugonga meza, mpinzani anaweza kusimama na kuomba swali, na msemaji ana hiari ya kulipokea au kumkalisha.

Tihomir alifungua vizuri. Akaeleza maana, akaweka kipimo, akawakumbusha watu wimbo wa tisa: Radan yuko kifungoni mnarani, adui anampa taji ili aisahau kengele, na mkono wake tayari umelinyookea. Ndipo anaposikia chini ya ukuta mlio wa jiwe la Nenko, aliyekuwa akigonga kila asubuhi majira yote ya baridi ili rafiki yake ahesabu siku. Mkono unarudi.

"Mtoeni Nenko," Tihomir akamaliza, "na Radan anafia kwenye kiti cha adui, akiwa na taji kichwani."

Lakini msemaji wa kwanza wa kupinga, msichana mrefu mwenye ulimi mkali, alisimama akitabasamu.

"Kipimo kizuri. Hebu tukitumie. Mtoeni farasi. Nani atabeba kengele kuvuka mlima? Hakuna. Basi waheshimiwa, moyo wa utenzi ni farasi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Tihomir alikunja uso. Ralitsa akamwona Lyuben upande wa pili akigonga meza kwa kiganja kumpongeza mwenzake, kisha macho yao yakakutana, akaacha kugonga.

"Msemaji wa pili, upande wa kuunga mkono."

Ralitsa alisimama.

"Waheshimiwa majaji, nianze na farasi, maana ameshangiliwa kuliko sisi."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye.

"Wapinzani wamechanganya kuhitajika na kuchagua. Farasi anahitajika. Kamba inahitajika. Hata theluji ya wimbo wa sita inahitajika, bila hiyo walinzi wasingelala. Lakini farasi hakuulizwa. Nenko aliulizwa. Wimbo wa tano, mama yake anamtumia habari: nyumba imeungua, rudi. Radan mwenyewe anamfungua kiapo chake cha kumfuata, mbele ya mashahidi. Hakuna sheria inayomshika, hakuna anayemlipa. Anakaa siku nzima ameshika barua. Halafu anamtandika farasi, anageukia mlimani. Huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika nyimbo kumi na mbili, na mtunzi ameupa mistari minne tu!"

Meza zikagongwa.

"Linganisheni na Radan. Anaapa langoni, mji mzima unamtazama. Anakataa taji, maadui wote wanamtazama. Ushujaa wake una mashahidi kila mahali. Wa Nenko una jiwe na ukuta. Kama utenzi unauliza nani hutimiza ahadi asipotazamwa, jibu lake haliwezi kuwa mtu ambaye anatazamwa tangu mstari wa kwanza."

Upande wa pili mtu alisimama, mkono mmoja mbele.

"Swali."

Ilikuwa sauti ya Lyuben. Ralitsa angeweza kumkalisha.

"Karibu."

"Nenko haombi kitu hata kimoja kwa ajili yake. Moyo usiotaka chochote ni moyo wa aina gani?"

Wengi pale walijua habari zao.

"Alitaka," Ralitsa alisema. "Wimbo wa kumi, wamekaa pangoni. Nenko anasema: baridi ya leo ni ya kuuma. Anangoja. Na Radan anamuuliza, farasi amekula?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa chenyewe, safu moja baada ya nyingine.

"Alitaka, ndugu msemaji. Hakuulizwa."

Lyuben alikaa. Mtunza saa akagonga mara moja, dakika ya saba. Ralitsa akamalizia hoja yake kwa sauti iliyotulia, akarudi kitini, akanywa maji yote kwenye glasi bila kujua kuwa yalikuwa ya Tihomir.

Lyuben, msemaji wa pili wa kupinga, alipoitwa alikwenda jukwaani na kadi tatu. Akaziweka chini, hakuzishika tena.

"Upande wa pili wamesema vizuri. Nami nawapinga kwa jambo moja. Moyo ni neno zuri, lakini angalieni nani hulitumia na wakati gani. Wimbo wa kumi na mbili: kengele inalia, mji unamwimbia Radan. Nenko yuko wapi? 'Na Nenko akamnywesha farasi.' Ndipo sisi, wasomaji wenye dhamiri inayotukera, tunamtupia jina: wewe ndiye moyo. Ni malipo ya bei rahisi! Ukimwita mtu moyo, humpi nafasi, humpi wimbo, unaendelea kumwacha chini ya ukuta na unalala vizuri. Nenko hakustahili kuwa moyo wa hadithi ya mtu mwingine. Alistahili hadithi yake. Huu ni utenzi wa Radan, na hiyo ndiyo dosari yake. Tusiifiche kwa neno tamu."

Ralitsa alikuwa ameshika kalamu ili aandike. Hakuandika. Alikuwa anamsikiliza Lyuben, akilikana neno alilompa siku ile ya karatasi.

Tihomir akamnong'oneza, "Mbona unatabasamu? Anatupiga huyo!"

"Najua."

Baada ya wasemaji wa tatu zikaja hotuba za kufunga, dakika nne kila upande, wapinzani kwanza. Ya mwisho ilikuwa ya Ralitsa.

"Msemaji wa pili wa kupinga amesema kweli," alianza, na Tihomir akashika kichwa. "Nenko alistahili zaidi. Lakini ukumbi mzima umeumia pamoja naye sasa hivi. Hakuna aliyeumia kwa ajili ya Radan. Utenzi unaotufanya tumlilie mnywesha farasi wakati kengele inalia, moyo wake umeuweka wapi?"

*

Majaji watano walitoka, wakarudi baada ya dakika ishirini. Watatu kwa wawili, upande wa kuunga mkono.

"Hoja nzito kuliko zote leo ilitoka kwa msemaji wa pili wa kupinga," alieleza mkuu wa majaji. "Lakini ilihusu kile Nenko alichostahili. Mada iliuliza yeye ni nani ndani ya utenzi. Hilo pengo upande wa kuunga mkono waliliona, wakaligeuza kuwa lao."

Tihomir alimbeba Ralitsa juu juu mpaka kiatu kikadondoka. Simu ya Ralitsa ikatetemeka. Ujumbe wa Lyuben: "Nipo kwenye ngazi za nje. Ukiwa na haraka na wenzako, nitaelewa."

Alimkuta amesimama, kofia mkononi.

"Hongera, Rali. Umetunyoa."

"Ulijua ile hoja ina pengo?"

"Niliwaambia wenzangu kule chumbani ina hatari. Wakakubali tuijaribu, ilikuwa kali kuliko nyingine." Akaizungusha kofia. "Ila nisikudanganye, ningeisema hata wangenikatalia. Nimeiandika kichwani miezi miwili, tangu uondoke. Sikujua tu nitaisemea wapi."

"Ungenipigia simu."

"Ningesema samahani, nawe ungesema sawa, na mwezi ujao ningekuandika wa nne tena. Nilikuwa mjinga, Rali, si kwamba nilikuwa mbaya. Kadi zile zilikuwa zako, nami nilipigiwa makofi mpaka nikaamini ni zangu."

Ralitsa alimtazama. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni lile koti.

"Sirudi kwenye timu yako."

"Siombi urudi kwenye timu."

"Na Februari naenda mashindano ya taifa na kina Tihomir. Tukikutana nawe, nitakunyoa tena."

"Jaribu tu uone!" alisema, na wote wawili wakacheka, kicheko ambacho hawakuwa nacho tangu vuli ianze.

Ralitsa alimshika mkono, wakaingia kwenye mgahawa wa jirani ambako wenzake walikuwa wameshaunganisha meza tatu na kuagiza kuku wa chungu. Watu wakageuka walipomwona kapteni wa wapinzani. Lyuben akasita mlangoni.

Ralitsa akavuta kiti kingine, akakiweka kando ya chake.

"Jamani, sogeeni," alisema. "Huyu ni Lyuben. Leo amekuja na mimi."