Chumba cha Mwisho kwa Mzee Kasmiri

Haya yalimkuta rafiki yangu Ritha mwaka tisini na sita, alipopanga chumba mtaa wa Mlabani kwa mzee Kasmiri. Jioni moja wingu la mvua lilileta giza mapema, na mama asiyemjua akasimama mbele ya nyumba, godoro kichwani.

"Dada, mwenye nyumba huyu anaaminika?"

Mzee Kasmiri alikohoa barazani, akingoja sifa. Ritha hakumjali.

"Mimi nina miezi miwili tu hapa. Bati lilivuja, akaliziba siku ya tatu. Hilo nimeliona. Akitaka mtu ahame anamfanyaje, sijui. Mtafute aliyehama chumba cha mwisho, umuulize."

"Yule hakuhama," mama alisema, akazunguka nyuma ya nyumba.

Mzee alifoka. "Ungenisifia ungepungukiwa nini?"

"Shikamoo nakupa kila siku, mzee. Ushahidi wa nisichokiona sikupi."

Ritha akamfuata yule mama. Nyayo za tope ziliishia kwenye mlango wa mwisho, na kufuli lake lilikuwa limeshika kutu. Ndani, kitu kizito kiliburutwa sakafuni.

"Panya hao," mzee alinong'ona nyuma yake. "Ukiulizwa, sema panya."

"Nitasema nilichosikia."

Kikaburutwa tena, taratibu, hadi mlangoni. Kisha, kutoka ndani, ikapigwa hodi.