Mstari wa Pili wa Uhai

"Chui kwa Kituo. Nimemkamata mkurugenzi. Yuko ghorofa ya tatu, pingu mkononi."

"Safi sana, Chui!"

Kobe alisikia makofi kwenye kidude cha sikioni. Akabana meno.

Chui alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Wiki tatu Kobe alikuwa amejifanya mjaribu gemu katika kampuni hii, akifuatilia orodha iliyoibiwa: majina ya majasusi mia mbili na arobaini. Lake na la mdogo wake yalikuwemo. Wezi walitaka kuyaficha ndani ya toleo jipya la gemu na kuyarusha nje ya nchi saa kumi kamili.

Chui alikuja leo asubuhi. Saa tisa na nusu, alikuwa shujaa.

Simu ikatetemeka.

"Kaka, umesikia? Mama akijua atasema tena uniige!"

"Hongera," Kobe alisema. Neno lilimkwama kama mwiba wa samaki.

Akarudi kwenye skrini. Alikuwa akipigana na bosi wa mwisho, Mfalme wa Chuma. Mstari mwekundu wa uhai ulikuwa umebaki ukucha tu. Akabonyeza. Mfalme akaanguka.

Majina ya watengenezaji, ambayo hupita gemu likiisha, hayakupita.

Kobe akasogea karibu.

Mlango ulifunguka nyuma ya kiti cha enzi. Kwenye ujia kulikuwa na chupa sita za dawa na mahali pa kuhifadhi mchezo. Gemu haligawi dawa bure. Linakupa dawa kwa sababu kuna kinachokusubiri.

Akaingia. Bibi kizee aliyempa ramani katika hatua ya kwanza, yule anayebadili barakoa kila hatua, alikuwa ameinama, akichomoa ufunguo shingoni mwa mfalme. Ufunguo ule bibi asingeupata mfalme akiwa hai. Ndiyo maana alimtuma mchezaji.

Mstari wa pili wa uhai ukatokea juu ya kichwa cha bibi. Mrefu kuliko wa kwanza.

Kobe akaweka padi ya kuchezea chini.

Wivu, alijiambia, unaweza kukuonyesha mzimu mchana kweupe. Alitaka mdogo wake awe amekosea. Basi akague kwanza.

Akatazama saa ya toleo ukutani. Mkurugenzi amekamatwa, lakini bado ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma. Dakika kumi na mbili.

Akapiga simu.

"Chui, nani alikuonyesha ofisi ya mkurugenzi?"

"Mwandishi wa hadithi ya gemu. Dada mkarimu, kanichorea hadi ramani. Kwa nini?"

"Na ufunguo wa kuidhinisha toleo?"

"Kanuni yao, mkurugenzi asipokuwepo, unakwenda kwa naibu."

"Naibu ni nani?"

"Mwandishi," Chui akasema polepole.

"Usikate simu. Panda juu, ofisini kwake."

Mwandishi alikuwa mezani kwake, ufunguo mdogo wa kompyuta, ule wa kuidhinisha toleo, ukining'inia shingoni. Kobe aligonga mlango kwa adabu.

"Dada, nimemaliza gemu. Yule bibi! Nilikuwa namwamini."

Mwandishi akatabasamu. "Lazima umwamini. Ukimficha mpaka mwisho, mchezaji anasema umemwibia. Ukimweka mbele yake, akimsaidia, anajilaumu mwenyewe."

"Mkurugenzi ana kichwa kweli."

Tabasamu likapungua.

"Yule?"

"Si jina lake liko kwenye bango? Na askari pale chini wanasema amekiri. Orodha kaiiba yeye, mpango wote wa kwake. Wanasema hawajawahi kuona akili kama ile."

"Hajui kuandika hata salamu."

"Ah, dada, mpe haki yake. Kuikata orodha vipande vitatu, kuvificha kwenye picha..."

"Saba!" Kiganja chake kilipiga meza. "Vipande saba, kimoja katika kila barakoa ya bibi! Miaka tisa naandika, yeye anapigwa picha! Hata kwenye hili anasifiwa yeye?"

Hapo akasikia sauti yake mwenyewe.

Mkono ukaruka kwenye droo. Bastola. Glock, nyeusi, ndogo.

Kobe alisukuma meza.

Kona ikamgonga mwandishi mbavuni. Risasi ikaenda darini. Kobe akamkunja kifundo, silaha ikadondoka, akaukata uzi shingoni.

Dakika mbili.

Akachomeka ufunguo kwenye kompyuta. *Sitisha toleo?*

Ndiyo.

Saa ya ukutani ikasimama kwenye dakika moja na sekunde nane.

Chui akaingia akihema, simu bado sikioni. Akamtazama mwandishi, akatazama tundu la darini.

"Nilitumwa kama mtoto dukani," alisema. "Ulijuaje angeropoka?"

Kobe aliokota bastola, akatoa risasi moja moja, akazipanga mezani.

"Alikuwa akimwonea wivu mtu anayepigiwa makofi. Naujua ugonjwa huo."

Chui akashusha simu sikioni. Masikio yalimwiva.

"Kaka... unanionea wivu mimi?"

"Wewe. Utapona aibu, nami nitapona wivu."

"Basi ripoti niandikeje?"

Kobe alivaa koti.

"Jina lako liweke juu, mkurugenzi ulimkamata kweli. Langu liweke chini yake." Akafika mlangoni. "Lakini liwepo. Na kwa Mama napiga simu mimi."