Mzigo Wenye Masikio

Sogea karibu, nikutegee kimoja kabla sijaanza. Nina mzigo wenye masikio. Ni mzigo gani huo? Usijibu upesi. Sikiliza kwanza.

Palikuwa na fundi cherehani aliyekuwa hawezi kutulia. Akishona mshono mmoja anainuka. Akirudi anakanyaga cherehani mara mbili, anainuka tena. Nguo za wateja zilirundikana mezani, nyingine hazina mikono, nyingine hazina kola. Wateja walikuja, wakaguna, wakazichukua hivyohivyo wakapeleka kwingine.

Hakuwa mvivu. Chumba cha pili alilala mama yake, aliyepatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, kama uzi unaopita tundu dogo la sindano. Fundi alikuwa binti yake wa kwanza, mjane, na nyumba ilikuwa ya mama. Kumwogesha ni yeye. Kumlisha ni yeye. Kumgeuza usiku ni yeye. Usingizi wake ulikuwa wa paka, jicho moja wazi.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, na jina likawa hilohilo, Kitinda. Yeye alioka mikate kiwandani. Aliingia alfajiri na kutoka kabla ya adhuhuri. Alikuwa na mume na watoto, akikaa mtaa wa mbali. Alikuja siku za mapumziko na mkate wa moto kwapani, akambusu mama, akasema dada yake amekonda, kisha akaondoka.

Siku moja fundi alimzuia mlangoni.

"Mdogo wangu, mama ni wetu au ni wangu?"

"Ni wetu, dada. Lakini wewe upo nyumbani."

"Nipo nyumbani kazini. Hiyo cherehani unadhani ni pambo?"

Wakabishana papo hapo, mlango wa mama ukiwa wazi, naye akisikia. Kila mmoja alitaja uchovu wake. Mwisho wakakata shauri kama watu wanaokata kitambaa: katikati. Mama atakaa wiki moja kwa huyu, wiki moja kwa yule. Walidhani wamemaliza.

Siku ya kwanza ya zamu ya Kitinda, fundi alimpa mama chai na kidonge chake cha presha. Akamfungia nguo, akamsindikiza kwa teksi. Shemeji yake akampokea mama, naye fundi akageuza na teksi ileile, maana mteja alikuwa anamngoja. Kitinda aliporudi kutoka kazini alikuta kopo la dawa juu ya furushi. Akatoa kidonge. Mama akafumba mdomo, akatikisa kichwa.

"Usiwe mkaidi, mama," Kitinda akambembeleza. Akambembeleza hadi akameza.

Alasiri haijaingia, simu ya fundi ikalia. Mama amelegea, jasho linamtoka, anafumba macho. Fundi alitoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alipitia kwa jirani, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Polepole, kwa kuwa hakuwahi kuonekana akikimbia. Siku hiyo alikimbia.

Akiwa njiani Bi Polepole aliagiza kwa simu: mama alazwe chali, miguu iinuliwe kwa mto, asipewe dawa nyingine, na asinyweshwe kitu wakati amesinzia, asije akapaliwa. Walipofika, akauliza ni nani aliyempa dawa.

"Mimi," akasema fundi.

"Mimi," akasema Kitinda.

Wakatazamana.

Walimkimbiza kituo cha afya na kopo la dawa mkononi. Alipimwa presha, ilikuwa imeshuka sana. Wakamweka chini ya uangalizi mpaka ikapanda, wakamruhusu jioni. Wakamrudisha kwenye kitanda chake mwenyewe, kando ya dirisha lake.

Kesho yake ndugu hao walianza tena, kila mmoja akimtupia mwenzake kosa. Bi Polepole alikuja kumtazama mama. Aliwaacha wamwage yote, kisha akaburuta kiti mpaka kitandani na kuwaambia waje wagombane huku, mbele ya mwenyewe.

"Mmemgawa mama kama kitambaa," akawaambia. "Mama hagawiki. Inayogawika ni kazi."

Akamgeukia mgonjwa. "Na wewe, mama, unataka nini katika haya?"

Midomo ya mama ilitikisika.

"Anataka kukaa hapa," fundi akadakia.

"Anataka tu tusigombane," Kitinda akasema.

Mama akafumba mdomo, akageukia dirishani. Bi Polepole akatikisa kichwa. Akawaeleza kwamba kiharusi kimemchelewesha ulimi, hakikumwondolea akili. Ukimuuliza, nyamaza, umngoje. Jana alijua kwamba ameshameza. Alikataa, wakaita ukaidi.

Kitinda akalia kimya kimya. Fundi mguu wake ulikuwa ukicheza chini ya kiti, ukikanyaga cherehani isiyokuwepo.

Basi wakaanza upya. Bi Polepole aliwataka wazitaje kazi zote za kutwa na kucha, hata zile ndogo. Kitinda alishangaa zilivyo nyingi. Hakujua kwamba mama hugeuzwa ubavu kila baada ya saa mbili, hata usiku, ngozi isipate vidonda. Hakujua kwamba hulishwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na haachwi alale mara tu amalizapo kula. Fundi naye hakujua kwamba mdogo wake husimama mbele ya tanuri tangu giza, na kwamba kumwamsha usiku kucha siku za kazi ni kumtia hatarini.

Hawakukata katikati. Walikata kwa kufuata mwili, kama fundi anavyojua. Asubuhi ni ya fundi: kuogesha, chai, dawa. Kitinda akitoka kiwandani huja moja kwa moja, humlisha mama mchana, humnyoosha mkono na mguu, na fundi hushona bila kuinuka hadi jioni. Siku za mapumziko Kitinda hulala kwa mama, na dada yake huenda kulala kwa shemeji na watoto, akalale kweli. Kliniki na kufuata dawa zikawa za Kitinda. Mmoja akiugua, Bi Polepole ataitwa. Na kila mwezi watakaa upya, maana ugonjwa hubadilika na watu huchoka.

Dawa je? Mkono mmoja tu ndio utakaotoa, wa yule binti aliyelala hapo usiku huo. Na kikombe cha mama cha bati kikiwa kimefunikwa juu ya kopo, dawa imeshamezwa.

Wiki zikapita. Cherehani ilianza kulia mfululizo. Wateja wakarudi, wengine wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Mama alinenepa kidogo. Hata hivyo hakutulia. Mkono wake mzima, wa kushoto, ulichezea shuka, ukaikunja, ukaikunjua. Kila mara alitazama mlangoni, kule kwenye cherehani.

Siku ya kukaa upya, Kitinda alikiri kwamba mchana wakati mwingine husinzia. Wakapanga akifika alale kidogo kwanza. Fundi akaomba usiku mmoja zaidi wa kulala. Wakakubaliana. Kitinda akataka kuinuka. Fundi akamshika mkono.

"Ngoja. Kuna swali tuliliacha." Akamwinamia mama. "Mama, unataka nini katika haya?"

Wakanyamaza. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Mkokoteni ukaisha kusikika. Mguu wa fundi ulitaka kucheza, akaukandamiza kwa ule mwingine. Kitinda alifungua mdomo, akaufumba.

"Nyie..." mama akasema. Wakangoja. "Nyie mna kazi." Akapumua. Akainua mkono mzima, akaonyesha mlangoni, kule kwenye bakuli la vifungo vilivyochanganyika ambavyo fundi hakuwahi kupata nafasi ya kuvichambua. Kisha akauinua na ule mkono uliolegea, kidogo tu, kiasi cha kuachana na shuka.

"Na mimi," akasema, "nipeni yangu."