Sahihi ya Tisa

Kiti cha Muhiddin kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka punde, na Muhiddin mwenyewe alikuwa amekwishaaga tangu jana.

Kidawa aliuondoa mkono wake taratibu. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, madirisha ya mbao yangali yamefungwa, na funguo za ofisi zilikuwa mkononi mwa Bi Time, mzee wa kufagia na kupika chai, ambaye ndio kwanza alikuwa anakunja kanga yake ya juu mlangoni.

"Shikamoo, Bi Time. Nani kakaa hapa?"

"Marahaba. Akae nani, mwanangu? Mimi na wewe ndio tunaingia."

Ofisi hiyo ya ramani za mashamba ilikuwa ndani ya nyumba ya ghorofa mbili, Mji Mkongwe, ambayo wenyewe walikuwa wameiacha miaka sita nyuma, mwaka sitini na nne, na chai yao ingali mezani. Ghorofa ya juu ilifungwa kufuli. Hata hivyo, kila alfajiri Bi Time alisikia huko hatua za mtu mwenye makubadhi, zikienda na kurudi, zikikoma kengele ya kazi inapolia. Alizitolea salamu na kuendelea na ufagio wake. Yeye alijua kwamba Mola aliumba wengine kwa udongo na wengine kwa ndimi za moto, na kwamba heshima haigharimu kitu. Makarani walikuwa wasomi, wao walicheka.

Aliyecheka kuliko wote ni Muhiddin. Alikuwa mtu wa kunyoosha suruali kuliko kunyoosha safu ya sala, na alipopata uhamisho wa kwenda Dar es Salaam alitembea vyumbani kama aliyeitwa na malaika. Jumatatu, siku yake ya mwisho, aliweka karatasi mbele ya taipureta ya Kidawa.

"Nipigie huu. Nakala tatu."

Kidawa alikuwa ameshapiga nyaraka za kuaga tisa katika ofisi ile, na alizijua kanuni zake. Mwenye kuondoka hubandika waraka siku ya mwisho, si kabla, asije akaaga kisha akaonekana kesho. Huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Humshukuru kila mtu kwa jambo lake mahsusi, kwa kuwa shukrani ya jumla haimfikii mtu yeyote. Hutia mzaha mmoja mwepesi, watu wasilie, na mzaha huo humwangukia yeye mwenyewe. Kisha huomba radhi na kuacha anwani. Mkuu wa ofisi hupiga mhuri, kwani ubaoni hapakai karatasi isiyo na mhuri, na wenzake wote hutia sahihi chini yake pamoja na dua. Nakala moja hukaa ubaoni, moja katika jalada, moja huondoka na mwenyewe.

Aliusoma wa Muhiddin:

*Bismillahi. Wenzangu, leo ndiyo siku yangu ya mwisho pamoja nanyi. Nakushukuru Bwana Pandu, mkuu wetu, kwa kunisahihisha bila kunifedhehesha. Nawashukuru wa chumba cha ramani kwa kunionyesha shamba linapokwisha na jingine linapoanza. Nakushukuru Bi Time kwa chai ya tangawizi. Kiti changu nakitoa zawadi kwa yule bwana wa ghorofani, maana humu ndani ni yeye peke yake afikaye kazini kabla ya kengele. Niliyemkosea naomba anisamehe. Barua zitanikuta kwa ndugu yangu, Kariakoo.*

Kidawa alitafuta jina lake mara mbili. Halikuwamo. Miaka sita alikuwa amemsahihishia tahajia zake, na sasa alikuwa anaipiga kwa vidole vyake mwenyewe karatasi iliyomsahau.

"Bwana Muhiddin," alisema, "huu mzaha wa ghorofani utoe. Kitu kama hiki hakiandikwi."

"Bi Kidawa, umefika darasa la nane na bado unaogopa mashetani?"

"Naogopa kuandika nisichokijua."

"Wewe huandiki. Wewe unapiga taipu."

Akapiga. Bwana Pandu, ambaye hakupata kusoma karatasi yoyote zaidi ya mstari wa kwanza, akagonga mhuri. Watu wanane wakatia sahihi huku wakicheka, Kidawa akiwa wa mwisho. Hivyo ndivyo wanaadamu wanavyokwenda: wanamdharau wasiyemwona, kisha wanamwekea mhuri.

Jumanne ile ya kiti chenye joto, Kidawa alikwenda ubaoni. Chini ya sahihi yake palikuwa na ya tisa. Wino wake ulikuwa wa rangi ya kutu, ungali mbichi, na maandishi yalikuwa ya Kiarabu cha mkono wa zamani uliofunzwa vizuri. Lilikuwa neno moja: *Nimepokea.*

Bwana Pandu aliitwa. Aliitazama karatasi, akamtazama Bi Time, akaitazama saa yake.

"Mtu kafanya mchezo. Bi Kidawa, ukarani wa Muhiddin ni wako, nilikuahidi na nimetimiza. Keti, ufanye kazi."

Ukarani huo Kidawa alikuwa ameungoja miaka sita. Hakuna mwanamke aliyewahi kuupata katika ofisi ile, na mama yake, aliyekuwa anapofuka kule Jang'ombe, alikuwa ameshawatangazia jirani wote. Akavuta kiti. Akasema bismillahi kimoyomoyo, nusu tu, kwa haya ya kuonekana mshamba. Akaketi.

Kwanza ilikuja harufu, udi wa zamani uliochanganyika na chokaa mbichi, kama chumba cha bibi harusi kilichopigwa lipu jana na kufungwa miaka. Kisha jua likiwa limejaa dirishani na makarani wanaitana kuhusu ramani ya Tunguu, alihisi kwamba mgongo wake haukuegemea mbao bali kifua, kifua kipana kilichokuwa kinapanda na kushuka bila haraka, na kwamba chini ya mikono yake, pale mikono ya kiti ilipopaswa kuwa, palikuwa na mikono mingine iliyolala kwa utulivu wa mwenye mali, na alipotaka kunyanyuka akakuta kwamba hakushikwa hata kidogo, ila miguu yake ilikuwa imesahau namna ya kusimama, na pumzi yenye joto ikamfikia nyuma ya sikio, na sauti ya mtu mwenye adabu kubwa ikamwambia, "Bibi, umenikalia."

Bi Time ndiye aliyemvuta. Birika la chai likaanguka kati yao.

Jumatano akajaribu tena, na Alhamisi pia. Mara zote mbili alitolewa akiwa baridi kama samaki. Walileta kiti kingine. Asubuhi kilikutwa kimewekwa nje barazani, na kile cha zamani mahali pake, na joto lake. Bwana Pandu, aliyekuwa anazungumza kwa sauti ya chini siku hizo na hapiti tena karibu na ngazi, alimwita.

"Serikali haina kiti cha majini," alinong'ona. "Jumatatu uwe umekikalia. Ukishindwa, nitampa mwanamume."

"Mwanamume ndiye aliyekigawa, Bwana Pandu."

"Jumatatu."

Ijumaa baada ya sala alikwenda kwa Mwalimu Mcha, jirani yao wa Jang'ombe, aliyesomesha watoto chuoni na kusomea wagonjwa bila kuwadai. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho huku akivuta tasbihi.

"Mnaita huo ni mzaha," alisema. "Zawadi ina nguzo zake, Kidawa. Mtoaji atamke, mpewaji akubali, kisha akishike kitu mkononi. Mwenzenu katamka kwa maandishi. Nyinyi wanane mmekuwa mashahidi. Mkuu wenu kapiga mhuri. Yule kakubali, na kila asubuhi anakikalia. Kosa lake liko wapi? Wewe ndiye mwizi pale."

"Basi nshapotea, Mwalimu."

"Hujapotea. Kiti cha nani?"

"Cha serikali."

"Basi Muhiddin kagawa kisicho chake, na zawadi hiyo ni batili. Aandike hivyo kwa mkono wake: kiti hakikuwa changu, nimekosa, naomba radhi kwa wote. Asiongeze neno. Hao wanashika neno kuliko sisi, ndiyo aibu yetu." Akamsomea Aya ya Kiti cha Enzi, kile kilichozienea mbingu na ardhi, ambacho mbele yake viti vyote vya watu ni vumbi, na Kidawa akalia, kwa kuwa alikuwa amekitaka sana kile cha mbao.

Meli ilikuwa inaondoka Jumamosi saa nne asubuhi. Alimkuta Muhiddin bandarini, kavaa miwani ya jua, kakalia sanduku lake.

"Bi Kidawa. Umekuja kunililia?"

Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, watu wakipita na mizigo. Muhiddin alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwa hiyo jini lenu limenipokonya kiti, na wewe limekupokonya cheo."

"Itoe nakala yako uitazame."

Akaitoa mfukoni, katika bahasha aliyokuwa ameifunga mwenyewe Jumatatu. Akaifungua. Sahihi ya tisa ilikuwamo, wino wake rangi ya kutu. Kicheko kilimtoka usoni, na kwa muda mfupi Kidawa alimwona mtoto aliyekuwa ndani ya zile nguo, akamhurumia. Kisha abiria mmoja akageuka kutazama, na Muhiddin akavaa miwani yake.

"Lete kalamu."

Aliandika juu ya sanduku: *Kiti nilichokitoa hakikuwa changu, ni cha serikali.* Akasita. Hakuandika radhi. Tabasamu likamrudia, lile lile la Jumatatu, akaongeza mstari: *Aliyekipokea, kama ana dai, anifuate mwenyewe Dar es Salaam, nitampa kilicho bora.*

"Mwalimu kasema usiongeze neno," Kidawa alisema. "Futa huo mstari. Uombe radhi tu."

"Kwa nani? Kwa kiti?" Akatia sahihi. "Chukua au acha."

Honi ya meli ikalia. Kidawa aliishika karatasi ile. Alijua alichokishika, hilo halina udhuru. Angeweza kuichana mbele yake na kumlazimisha aandike upya. Aliifikiria Jumatatu, akamfikiria mama yake, akaufikiria waraka uliowashukuru wote isipokuwa yeye. Akaikunja, akaenda nayo ofisini kabla haijafungwa. Bwana Pandu akagonga mhuri bila kusoma. Kidawa akaibandika ubaoni.

Jumatatu saa moja na robo nyumba ilikuwa kimya. Bi Time alisimama chini ya ngazi, ufagio mkononi, akisikiliza.

"Leo hakuna hatua," alisema. "Miaka sita, mwanangu, leo ndio hakuna."

Kidawa alikigusa kiti. Kilikuwa baridi, mbao tupu. Aliketi, na hakuna aliyemwambia neno. Alikaa pale na alichokitamani, akingoja kufurahi. Hapo ndipo Bi Time alipomwita kutoka ubaoni, kwa sauti ndogo sana.

Palikuwa na karatasi mpya, wino wa rangi ya kutu, kanuni zote zimefuatwa isipokuwa mhuri:

*Bismillahi. Wenzangu, leo ndiyo siku yangu ya mwisho pamoja nanyi. Nakushukuru Bi Time kwa salamu zako za kila alfajiri. Nakushukuru Bwana Pandu kwa mhuri wako, mara zote mbili. Kiti nimekirejesha kwa mwenyewe. Kuanzia leo kengele ndiyo itakayomtangulia kila mtu humu, nami nimebaki bila hata kiti. Niliyemtisha naomba anisamehe. Barua zitanikuta Kariakoo, kwa ndugu yake Muhiddin.*

*Na shukrani za pekee kwa Bi Kidawa, aliyeniletea mwaliko.*

Chini yake palikuwa pameachwa nafasi ya sahihi nane.