Hana Atangoja Zamu Yake

Walikutana ndani ya feri ya Kilifi, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na tatu, katikati ya wauza korosho na magunia ya mahindi. Jedida alikuwa amevaa gauni la manjano lenye mkanda mweupe, na kijana mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono akamkanyaga kiatu.

"Niwie radhi, bibie."

"Radhi haitoi vumbi."

Kijana akainama mbele ya watu wote, akakipangusa kiatu kwa leso yake ya mfukoni. Feri ilipogusa ng'ambo, Jedida alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Bwanamkuu, kwao ni Lamu, anatengeneza redio mjini Malindi, na hana mke. Hilo la mwisho aliliuliza mwenyewe bila haya.

Wakaoana kwa kadhi, Jedida akabaki na Biblia yake na Bwanamkuu na msala wake. Jambo moja tu liliuma. Baba yake, Mzee Maina wa Njoro, alisema binti asiyeolewa kanisani hajaolewa, na tangu siku hiyo hakumtumia hata salamu.

Mwaka wa themanini na tano Jedida akajifungua mtoto wa kike. Bwanamkuu akamwadhinia sikio la kulia, akalia machozi, na mamake huko Lamu akamtuma Harusi, binti ami yake Bwanamkuu, aje kumkanda mzazi na kumlea katika arobaini yake.

Kumbe balaa huja na kikapu cha dawa za mzazi! Harusi alikuwa mweupe wa meno, kiuno chembamba, asumini kichwani, udi kwenye leso. Tena Jedida alijua kwamba zamani wazee walimtaka Harusi huyohuyo awe mke wa Bwanamkuu. Kila jioni alimkanda Jedida kwa maji moto, mikono laini, maneno laini, "pole wifi yangu," na Jedida alilala pale kitandani akihesabu ni mara ngapi Harusi amecheka na Bwanamkuu ukumbini. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Siku ya nne Bwanamkuu akaingia na karatasi mkononi, uso unang'aa.

"Mpenzi wangu, nimewaandikia wakwe. Sikiliza." Akakohoa. "Kwa baba na mama wapendwa wa Njoro, shikamooni. Mungu ametujaalia binti. Siku ya saba kwetu mtoto hunyolewa nywele, huchinjiwa mbuzi mmoja wa akika akiwa wa kike, na hutangazwa jina. Naomba ruhusa tumwite Hana, jina la mama. Hana yumo katika Biblia yenu, mama yake Samweli, na sisi twaambiwa na wanazuoni wetu kwamba mama yake Bi Mariamu aliitwa Hana. Jina moja, nyumba mbili."

Alimaliza akingoja kusifiwa. Jedida alikuwa amekauka.

"Hana ni jina la mama yangu."

"Ndiyo, kipenzi. Ili baba yako aone kwamba nawaheshimu."

"Na jina la mama yako?"

"La mama? Litakuja siku nyingine, inshallah."

Siku nyingine! Kwa tumbo la nani? Kutoka ukumbini Harusi alisikika akiimba polepole, akitwanga iliki. Jedida akageukia ukutani na mtoto wake. Usiku ule hakula, na kesho yake hakumsemesha mumewe. Bwanamkuu alimletea machungwa, akakataa. Akamletea redio ndogo aliyoitengeneza, akaizima. Wivu ulimkaba hadi maziwa yakapungua.

"Wifi, una nini?" Harusi akauliza, mikono ikimkanda mgongo.

"Muulize mwenyewe uliyezoea kucheka naye."

Mikono ikasita. "Nani? Kaka?"

Bwanamkuu alikuwa mlangoni na bahasha, anaelekea posta. Jedida akainuka na leso yake ya arobaini, akamnyooshea kidole.

"Usiipeleke hiyo! Unataka kuwaambia wazazi wangu kwamba sijaolewa? Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Wa pili ndiye hupewa la mama yake mama. Anayeanza na jina la mama yake mwenyewe ni msichana aliyezaa nyumbani kwao, mtoto hana watu wa upande wa baba! Baba akiona Hana atasema, 'Nilijua, yule Mswahili hakumwoa, amemwazima tu.' Nawe jina la mama yako umelificha. Unamwekea nani? Huyu Harusi?"

Mtoto akanyonya kidole kwa sauti.

Bwanamkuu akakaa sakafuni. "Wallahi sikujua. Nilidhani ukimtanguliza mama wa mwenzio ndiyo heshima. Na kweli niliogopa. Mtoto akiitwa Mariamu, nitamkemeaje? Nimwambie Mariamu acha kulia, na ndiye mama yangu?"

"Kwetu baba humwita 'mama' hata akimkemea," Jedida akasema, bado kwa hasira. "Ni raha."

Harusi akaangua kicheko, akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. "Wifi, mimi nimeposwa Mambrui, na mahari yashaliwa. Kaka nacheka naye kwa kuwa akiandika barua hujikuna kichwa kama mtoto wa chuo cha Kurani. Na mama mkubwa, mamake kaka, aliniambia, 'Wakimwita jina langu nitalia, lakini usiombe, wasije wakwe wakasema nimewanyang'anya mjukuu.' Kila mtu amempisha mwenziwe, mlango umebaki hauna mtu!"

Jedida alitaka kucheka na kulia. Akachagua kulia kwanza. Bwanamkuu akambusu kipaji cha uso, mbele ya Harusi, na hilo lilimtuliza kuliko maneno.

Wakaandika upya, mtoto kati yao. Akika ikasogezwa hadi siku ya kumi na nne, jambo linalofaa pia, ili wakwe wapate nafasi ya kujibu. Barua ikasema mtoto ni Mariamu, mama yake baba, kama ada ya Njoro inavyotaka. Jina lenye sura nzima katika Kurani, na la mama yake Yesu katika Injili, kwa hiyo hakuna upande uliopoteza. Na wa pili wa kike, Mungu akijaalia, atakuwa Hana.

"Basi, nitie sahihi," Bwanamkuu akasema.

"Ngoja." Jedida akachukua kalamu, akaandika mwishoni kwa mkono wake mwenyewe: *Hana atazaliwa na mimi, Jedida, katika nyumba hii.* Akaisoma tena, akakazia *mimi* kwa mstari.

Siku ya kumi na tatu simu ikaja katika duka la Mzee Garama, jirani. Harusi akakimbia kusikiliza, akarudi akihema. "Yuko njiani! Mama yako!"

Kesho yake asubuhi, mbuzi akiwa amefungwa uani na wembe tayari, mama yake Jedida, Bi Hana mwenyewe, akaingia na kitambaa cha kichwa cha buluu na kiondo cha njahi, maharage meusi ya kumlisha mzazi, mavumbi ya safari yakiwa mabegani. Mzee Maina hakuja, lakini alituma blanketi na neno moja: amesoma, ameridhika, binti yake ana mume.

Nywele ziliponyolewa, Bi Hana alimpakata mtoto, akamwita Mariamu mara tatu, akamsalimia kwa heshima kama mtu mzima. Kisha akamtazama mkwewe juu ya kile kichwa kidogo kitupu.

"Na mimi," akauliza, "nitazaliwa lini?"

Bwanamkuu akaangalia chini kwa haya. Harusi akacheka pembeni. Jedida akamtupia Harusi jicho moja la mwisho, akashika mkono wa mumewe.

"Subiri mama. Barua umeisoma. Kwa tumbo gani, unajua."