Saa ya Kuzaliwa ya Wambeti

Jumatatu hiyo aliporudi kutoka kazini, Wambeti alikuta mtu ameijaza nafasi iliyokuwa imeachwa wazi.

Karatasi ilikuwa mezani, pale pale alipoiacha. Juu yake, mbele ya neno "Saa", mtu alikuwa ameandika kwa penseli: mbili kamili usiku. Mwandiko ulikuwa mdogo na umelala upande. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo mmoja tu uliokuwepo alikuwa nao yeye mfukoni. Chumba kilinuka udongo uliochimbuliwa.

Wambeti alikuwa mpima maziwa katika kituo cha ushirika hapa Makutano, Meru. Kwao ni Runyenjes, alikolelewa na mama yake peke yake. Mwezi Machi, Muthamia, mwanamume aliyekaa naye miaka minne, alimwambia kwamba mapenzi yameisha, akahamisha nguo zake kwenda Nchiru alikokuwa fundi wa maabara chuoni. Hakumpa sababu. Wambeti akaacha kula. Mwenye nyumba wake, Rahema, alipoona hivyo alimpeleka kwa mjomba wake, Mzee Jamaldin, mchinjaji aliyejifunza elimu ya nyota kwa babake.

"Tarehe?" mzee aliuliza.

"Kumi na nne Mei, tisini na sita. Runyenjes."

"Na saa?"

Wambeti alimpigia mama simu. "Aki mwanangu, nilikuwa na uchungu, ningeangalia saa saa ngapi?" mama alicheka. "Kadi ya kliniki iko mahali. Nitaitafuta."

"Basi tuache wazi," alisema Jamaldin. "Buruji, yaani kundi la nyota, inayochomoza mashariki hubadilika karibu kila saa mbili, na nyumba zote kumi na mbili za maisha ya mtu huhesabiwa kutoka hapo. Bila saa hatuna nyumba, na mimi sibahatishi."

Alichora kilichojulikana. Jua katika buruji ya Thauri. Mwezi na sayari ya Zohali katika Hamali. Zuhura, sayari ya mapenzi, katika Jauza, imekaribia kusimama na kurudi nyuma. "Zohali huzunguka kwa miaka ishirini na tisa hivi. Machi ilirudi mahali ilipokuwa ulipozaliwa. Sisi husema huu ni wakati mtu anapopimwa misingi. Kisichoshika huanguka."

Wambeti alilia hapo hapo, na kilio hicho kilimpunguzia mzigo. Kwa mara ya kwanza yaliyompata yalikuwa na jina.

"Sasa nisikilize," mzee alisema. "Karatasi hii ni ya kukusaidia kujitazama. Isome, ulie, uikunje. Usiiulize yule kijana atarudi lini, maana yeye hayumo humu. Ukiona unaifungua kila siku, njoo uniambie, au uende kwa daktari. Swali likirudiwa sana, kuna wanaolisikia."

Aliifungua kila siku. Akiwa peke yake aliiuliza, kwanza moyoni, halafu kwa sauti: atarudi lini? Siku ya tisa ndipo ile penseli ilipoandika.

Angeweza kumwambia Jamaldin. Badala yake alitafuta kwenye simu jinsi ya kuhesabu nyumba, akaweka saa mbili usiku. Buruji ya Kausi ikachomoza. Nyumba ya saba, nyumba ya ndoa, ikawa Jauza, na Zuhura imekaa ndani yake. Alicheka peke yake.

"Atarudi," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Ilikuwa saa kumi jioni, watoto wanacheza uani, jua linawaka. Wambeti hakugeuka. "Wewe ni nani?"

"Niliyekuwepo ulipozaliwa. Zuhura ikiingia Jauza mwisho wa Aprili, nenda Nchiru saa sita mchana. Usichelewe, usizungumze na mtu njiani."

Tangu siku hiyo ilimjia kila jioni, pamoja na mkwaruzo mdogo wa penseli kwenye karatasi na ile harufu ya udongo. Kazini alianza kukosea vipimo, akapitisha maziwa yaliyotiwa maji. Rahema alipomgongea mlango alinyamaza kimya kama mtu asiyekuwepo.

Siku ikafika. Akiwa njiani kwenda Nchiru simu iliita: Mama. Akanyoosha kidole kupokea, na ile sauti ikamnong'oneza sikioni, karibu mno, "Ukipokea, saa itapita." Akaiacha iite. Iliita tena, na mara ya tatu, na kila ilipoita harufu ya udongo ilizidi mpaka abiria aliyekaa kando yake akafungua dirisha akatema mate nje, naye Wambeti akaizima simu, akaiweka chini ya paja na kuikalia kana kwamba ni kitu kinachoweza kuuma.

Muthamia alimkuta kwenye lango la chuo. Hakuwa na hasira.

"Wambeti, umekonda. Ni nini?"

"Nimekuja. Saa imefika."

"Saa gani? Nilikuambia tangu Machi. Sirudi. Tafadhali, nenda nyumbani ukapumzike."

Alipoiwasha simu, ujumbe wa shangazi yake Njura ulikuwa unamngoja. Mama alikuwa ameanguka shambani asubuhi, akakimbizwa hospitalini Embu. Alikuwa akimwita. Saa saba kasoro dakika kumi alikata roho.

Baada ya mazishi, Njura alimkabidhi bahasha. "Alikuwa ameishika mkononi alipoanguka. Nafikiri alitaka kukuletea."

Ilikuwa kadi ya kliniki, imebadilika rangi kwa uzee. Msichana, kilo tatu. Saa nane kasoro dakika ishirini mchana.

Si usiku hata kidogo. Kwa saa hiyo buruji ya Sumbula ndiyo iliyochomoza, na nyumba yake ya saba ilikuwa Hutu, haina sayari hata moja. Kiumbe kile kilikuwa kimemchagulia saa itakayoleta jibu alilolitaka.

Alimpelekea Jamaldin kadi, akamwambia yote. Mzee aliisoma kadi, akaikunja.

"Nyumba tupu si laana," alisema hatimaye. "Watu wengi wanayo na wameoa. Lakini hilo si la leo. Mimi nitasoma Kurani, Rahema atasoma nami. Kumfukuza kiumbe huyo ni juu yako. Aliingia kwa swali, na atakaa maadamu unauliza. Atakujaribu. Usimuulize kitu chochote. Hata kimoja."

Walikaa chumbani mwa Wambeti alasiri, mlango wazi. Jamaldin alianza kusoma kwa sauti ya chini. Penseli ikaanguka mezani, ikabingirika, ikasimama. Harufu ikajaa chumba hadi Rahema akaziba pua kwa mtandio.

Sauti ilianza kama ya Muthamia. "Niulize kama ninakukumbuka." Wambeti alinyamaza. Ikabembeleza, ikatukana, ikalia, na mzee akaendelea kusoma huku jasho likimtiririka shingoni, mpaka ile sauti ikatulia ghafla na kurudi ikiwa nyembamba, imechoka, na lafudhi ya Kiembu ambayo Wambeti aliijua kabla hajajua kitu kingine chochote duniani.

"Mwanangu. Nilipokupigia kuna kitu nilitaka kukuambia. Njura hakukisikia. Niulize nilisema nini."

Wambeti aliuma mkono wake mpaka akaonja damu. Rahema alimkumbatia kutoka nyuma. "Usiulize, mdogo wangu," alinong'ona. "Tafadhali, usiulize."

"Ni neno moja tu. Niulize."

Alitikisa kichwa. Machozi yalimdondokea mapajani, na mdomo wake ulibaki umefungwa.

Karibu na magharibi harufu ilitoka kupitia mlangoni, polepole, kama moshi. Uani, kuku walitawanyika wakipiga kelele. Kisha kimya.

"Ameondoka," alisema Jamaldin.

Alikuwa ameondoka kweli, na hajarudi tena. Wambeti alirudi kazini, akaanza kula, akahudhuria vikao vya mshauri katika zahanati ya mtaa kila Alhamisi. Siku hizi hamfikirii sana Muthamia. Lakini yapo maneno ambayo mama yake aliyasema, au hakuyasema, na njia pekee ya kuyajua aliifunga kwa meno yake mwenyewe. Asubuhi nyingine husimama kando ya matangi ya maziwa, kipimo mkononi, swali limefika kwenye ulimi, naye hulimeza.