Voisi Iliyoingia Kundi la Ukoo

— Mungu wangu, nimeituma wapi?

Fundi cherehani aliruka kitini, gauni la mteja likaanguka sakafuni. Voisi yake ilikuwa imetua kwenye kundi la ukoo wa mumewe, chini kabisa ya orodha ya mchango wa harusi. Kila aliyetoa alikuwa na tiki ya kijani. Mumewe hakuwa nayo, na tangu asubuhi shangazi yake, admini ambaye wote walimwita Mwenyekiti, alikuwa akimchamba:

"Wengine kula wanajua, kutoa mfuko umeshonwa!"

Fundi alidhani ameshahamia chati ya mumewe. Ndipo akarekodi, kwa uchungu wote.

Akaishikilia ile voisi kwa kidole, akabonyeza futa. Ikapotea. Akashusha pumzi, kisha akasoma: imefutwa kwako. Kwako, si kwa wote! Kitufe cha kutengua kikachungulia chini ya kioo, kikayeyuka kabla kidole hakijafika.

Mwenyekiti anaandika...

"Mke wa mwanangu, tumekusikia. Kumbe mwenzio hana kazi, na mnatuficha?"

Vikatuni vya vicheko vikamiminika. Fundi akakumbuka onyo la mumewe. Siku mumewe alipoachishwa kazi, alimwambia bila kupepesa macho: "Ukoo wangu wakijua kupitia mdomo wako, mimi na wewe basi."

Akampigia. Haikupokelewa. Akamwandikia: "Nisamehe, nilidhani naongea na wewe." Tiki mbili zikageuka buluu.

Kisha kundini ukaja mstari mdogo wa kijivu: Mume Wangu ametoka.

Kama amewaacha ndugu zake wa damu, mimi ni nani? Akakaa akisikiliza mlango, akiuogopa.

Mlango ukafunguka.

— Mume wangu, nakuomba...

— Nyamaza kwanza.

Akaweka simu juu ya cherehani, akaifungulia ile voisi. Sauti ya fundi mwenyewe ikajaa chumbani:

"Mume wangu, usiwajibu. Hawajui kama umeachishwa kazi. Nitauza cherehani tutoe huo mchango. Nitashona kwa mkono, ilimradi nisikuone umeinamisha kichwa."

Mwanaume akafuta macho kwa kiganja.

— Nimeisikiliza njia nzima. Uuze cherehani kwa ajili ya watu wanaonicheka?

— Hujakasirika?

— Nilikasirika. Mpaka ilipofika kwenye cherehani.

Simu ikalia. Mwenyekiti amekuongeza kwenye kundi.

— Huyu mama hachoki! akasema fundi, akicheka na kulia kwa pamoja.

Mumewe akabonyeza kipaza sauti.

— Shangazi, aliyosema mke wangu ni kweli. Sina kazi. Mke ninaye. Mchango wetu msiungoje.

Akaituma, kisha kidole chake kikasogea kwenye futa.

— Niifute?

Fundi akamshika kidole.

— Hiyo iache waisikie wote.